Kumshawishi prodakti ona atenge muda wa kulipa deni la kiufundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali madevelopa wa hapa Kampala wanayauliza sana, hasa wale walio kwenye timu ndogo ambapo watu watano wanajenga, wanatengeneza na kupokea simu za wateja wakati huohuo. Prodakti ona, au PO kwa kifupi, ni yule anayepanga timu ijenge nini kwanza, na deni la kiufundi ni msimbo ulioandikwa kwa njia ya mkato ambao baadaye unawagharimu muda. Nitajibu yote kwa mfano mmoja, mfumo wa kupokea karo za shule kwa pesa za simu, kwa sababu ukishaona hesabu ya mfumo mmoja mpaka mwisho utaweza kuifanya ya kwako. Namba za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri, usizichukue kama takwimu za kampuni fulani.

Mbona prodakti ona wangu anakataa kila nikimwambia tusafishe msimbo?

Kwa sababu hujampa kitu cha kulinganisha. Yeye ana orodha, na kwenye hiyo orodha kuna shule inayotaka ripoti ya madeni ya wazazi, kuna mkurugenzi anayetaka malipo ya awamu, na kila kimoja kina mtu anayepiga simu kukiuliza. Wewe unakuja na "msimbo ni mchafu" ambayo haina mteja wala tarehe, hata haina bei. Hata mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningeiweka chini.

Kinachobadilisha mambo ni kumwonyesha kwamba hilo deni tayari limo kwenye orodha yake, ila limejificha ndani ya tiketi za hitilafu na siku za insidenti, yaani siku mfumo ulipoanguka au kusumbua, na kila sprinti, yaani kila wiki mbili za kazi, analilipia riba bila kuiona. Kazi yako ni kuitoa hiyo riba nje aione, kwa tiketi ambazo yeye mwenyewe alizipitisha. Usiende na hoja za usanifu, nenda na tiketi zake.

Huo mfumo wa mfano una deni gani hasa?

Mzazi analipa karo kwa simu. Kampuni ya pesa za simu inatuma ujumbe kwenye seva yetu kusema "pesa imeingia, namba ya muamala ni hii". Sasa seva yetu ikipata huo ujumbe inafanya kila kitu palepale: inatafuta mwanafunzi, inaandika malipo, inapiga hesabu ya salio, inamtumia mzazi meseji ya risiti, halafu ndo inajibu "nimepokea". Siku ya kawaida hiyo inaisha haraka tu. Wiki ya kufungua shule, wazazi wote wakilipa jioni moja, inachelewa, na huku upande wa pili ukiona haujajibiwa kwa muda uliowekwa unatuma ujumbe uleule tena. Na kwa vile databesi haina sharti la kuzuia muamala uleule kuandikwa mara mbili, mwanafunzi mmoja anaonekana amelipa karo mara mbili. Na kinyume chake pia kipo, meseji ya risiti ikigoma katikati kazi yote inarudishwa nyuma, malipo hayaandikwi kabisa, na mzazi yuko getini na meseji ya simu inayosema pesa imetoka na huku mhasibu wa shule anaona salio bado lipo na mtoto haingii.

Hilo ndo deni. Aliyeandika hivyo mwanzoni aliandika kwa shule chache na ilikuwa sawa kabisa, biashara imekua tu.

Nianzie wapi kukusanya ushahidi?

Anza na hitilafu za miezi sita. Chini ya hapo unaweza kupata mwanzo wa muhula mmoja tu au usipate hata mmoja, na kwa mfumo wa karo mwanzo wa muhula ndo kila kitu. Kama timu inatumia Jira, andika hivi halafu toa orodha ya namba za tiketi:

```
project = FEES AND issuetype = Bug AND created >= -26w
```

Shida ni kwamba tiketi inaeleza dalili, haielezi chanzo. Moja itasema "risiti haikufika", nyingine "salio si sahihi", ya tatu "ripoti ya mhasibu ina jina mara mbili", na zote tatu zinatoka sehemu moja. Kwa hiyo usizipange kwa kichwa cha tiketi. Zipange kwa mahali ambapo marekebisho yalifanyika.

Nitajuaje marekebisho yalifanyika wapi bila kufungua kila tiketi?

Kama timu yenu inaandika namba ya tiketi kwenye ujumbe wa kila komiti, Git itakuambia. Weka namba za hitilafu kwenye faili `bugs.txt`, moja kila mstari, halafu:

```
git log --since="6 months ago" --format="%h %s" \
  | grep -wFf bugs.txt | cut -d' ' -f1 > fixes.txt
xargs git show --name-only --format="" < fixes.txt \
  | grep -v '^$' | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Utapata mafaili yaliyoguswa sana na marekebisho ya hitilafu, ya juu kabisa yakiwa ndo yanayosumbua. Angalia usiache mstari mtupu ndani ya `bugs.txt`, maana grep inaweza kuona huo mstari unalingana na komiti zisizohusika na utazipata nazo ukidhani ni hitilafu. Hiyo `-w` nayo usiitoe, bila yake FEES-1 itabeba na FEES-12 na FEES-180.

Na kama hamuandiki namba za tiketi kwenye komiti, basi itabidi mkae wawili mpitie tiketi kwa mkono, ni kazi ya mchana mmoja hivi kwa tiketi hamsini sitini, na kuanzia siku hiyo anzeni kuandika.

Kwa hiyo kila hitilafu iliyogusa lile faili naihesabu kwenye deni?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapoteza imani ya PO. Faili linaweza kuguswa sana kwa sababu ni kubwa tu, au kwa sababu kila kipengele kipya lazima kipite humo, kama lile la tafsiri za maneno au la njia za kurasa. Git imekuonyesha pa kuangalia, haijakuambia sababu.

Fungua kila tiketi ya sehemu hiyo ujiulize swali moja: hili deni lisingekuwepo, hii hitilafu ingetokea? Andika ndiyo, hapana au sijui. Kwenye mfano wetu hitilafu zote za miezi sita ni 58, zilizogusa sehemu ya kupokea malipo ni 22, na baada ya kuzisoma zote tunabaki na ndiyo 17, hapana 3, sijui 2. Zile tatu za hapana labda ni jina la shule lililoandikwa vibaya au bei iliyobadilishwa na mteja, hazihusiani. Hesabu zile 17 tu, lakini mwonyeshe PO na hizo tano ulizoacha. PO akichukua tiketi tatu yeye mwenyewe kuzikagua, na atazichukua kama anaijua kazi yake, akute zote ni kweli, hatakubishia hizo namba tena.

Na insidenti nazihesabu vipi?

Kwa saa za watu. Muda ambao mfumo ulikuwa chini hautoshi. "Mfumo ulisumbua saa mbili" inasikika ndogo, ila ukihesabu developa watatu walioacha kazi, mtu wa sapoti aliyeshinda anajibu simu mpaka jioni, na mhasibu aliyekuja kesho yake kupatanisha malipo na ripoti ya kampuni ya simu, hizo saa mbili zimekula siku kadhaa za kazi.

Kwa kila insidenti andika mambo haya: ilianza lini, tuligundua lini na nani aligundua, iliisha lini, nani alifanya nini na kwa saa ngapi, na wateja walipata shida gani. Hiyo ya "nani aligundua" usiiruke. Insidenti ambayo shule ilipiga simu kabla nyinyi hamjajua ina uzito tofauti kabisa na ile mliyoiona wenyewe. Saa kama hamkuziandika siku ile, rudi kwenye grupu la WhatsApp la timu uangalie meseji ya kwanza na ya mwisho, halafu waulize waliohusika. Makadirio yanakubalika mradi useme wazi kwamba ni makadirio.

Majina ya watu yabaki kwenye daftari lako. Kwenye karatasi ya PO andika "developa wawili", kwa sababu mtu akiona jina lake pale atajitetea badala ya kukusaidia kukumbuka.

Hesabu yenyewe inakaaje?

Tuifanye yote. Miezi sita ni wiki 26, yaani sprinti 13 za wiki mbili.

Zile hitilafu 17, kila moja imekula wastani wa saa 5 kuitafuta, kuirekebisha na kuijaribu, hizo ni saa 85. Insidenti tatu zilizotokana na sehemu hiyo zimekula saa 18, 26 na 16 za watu wote, jumla 60. Halafu kuna kitu ambacho hakina tiketi kabisa na ndo kikubwa kuliko vyote: mtu wa hesabu anatumia saa 4 kila wiki kulinganisha malipo yetu na ripoti ya kampuni ya simu kwa mkono, kwa wiki 26 ni saa 104. Jumla saa 249.

Ukigawa kwa wiki 26 unapata karibu saa 9.6 kila wiki. Hiyo ndo riba.

Sasa kazi ya kurekebisha mmeikadiria saa 90. Usiseme riba yote itaisha, hakuna atakayeamini na wala si kweli. Sema mnatarajia thuluthi mbili iishe, yaani kama saa 6.4 kwa wiki. Gawa 90 kwa 6.4, zinarudi baada ya wiki 14 hivi. Muhula mmoja na kidogo.

Watu wananiuliza kama wageuze hizo saa kuwa shilingi. Mimi sipendi, kwa sababu mazungumzo yanahamia kwenye mishahara ya nani na nani na hoja inapotea, saa zinatosha maana PO anapanga kwa saa na siku. Kitu cha pesa ninachokiweka ni kile cha mteja mwenyewe: shule ngapi zilipata malipo mara mbili, wazazi wangapi walirudishiwa.

Na tafadhali usichore mstari wa kupanda juu kutoka insidenti tatu. Tatu ni chache mno kuonyesha mwelekeo wowote. Zinatosha kuonyesha gharama, basi.

Nimwonyeshe lini, kwenye mkutano wa kupanga sprinti?

Kabla ya hapo, na mkiwa wawili. Kwenye mkutano wa kupanga kila mtu anavutia kwake na PO akishasema hapana mbele ya watu wote inakuwa ngumu kwake kurudi nyuma wiki ijayo. Mwombe nusu saa, nenda na karatasi moja, na kama inawezekana mwite yule mtu wa hesabu, kwa sababu yeye akisema "hii kazi naifanya kila Ijumaa" inafika kuliko grafu yoyote.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Dada, zile hitilafu za malipo ulizotuuliza muhula uliopita nimezifuatilia. Kumi na saba zimetoka sehemu moja."

"Sehemu gani hiyo?"

"Pale tunapopokea ujumbe wa kampuni ya simu. Ukijumlisha na insidenti na kazi ya mkono ya hesabu, inatula kama saa tisa na nusu kila wiki."

"Na mnataka nini? Mwezi mzima hamtoi kitu?"

"Hapana nyabo. Saa 90, tuzigawe kwenye sprinti tatu. Ni kama asilimia 10 ya muda wetu, ripoti ya madeni inaendelea kama kawaida."

Hiyo asilimia 10 imetoka hapa: developa watano, kila mmoja ana kama saa 30 za kazi halisi kwa wiki ukitoa mikutano, ni saa 300 kwa sprinti, na mnaomba wastani wa saa 30. Ijue hesabu yako hiyo kabla hujaingia maana ndo swali lake la kwanza.

Niombe kazi gani hasa? "Kusafisha" anaikataa.

Na anafanya vizuri kuikataa, haina mwisho. Leta vipande vyenye majina, kila kimoja kisimame chenyewe ili hata mkisimamishwa katikati kile kilichokwisha kibaki na faida.

Kwenye mfano wetu kipande cha kwanza ni sharti la databesi la kuzuia muamala kurudiwa, saa 30. Kama mnatumia PostgreSQL sharti lenyewe ni mstari mmoja:

```
CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY uq_provider_ref
  ON payments (provider, provider_ref);
```

Mbona saa 30 basi? Kwa sababu kama tayari kuna malipo yaliyorudiwa hiyo amri itagoma na kuacha faharasa mbovu ambayo lazima muifute kwanza, kwa hiyo saa nyingi zinaenda kwenye kusafisha marudio ya zamani pamoja na mtu wa hesabu, moja moja, maana hizo ni pesa za watu huwezi kufuta tu. Halafu ujumbe ukija mara ya pili seva ijibu "nimepokea" kama kawaida, ukijibu kosa upande wa pili utaendelea kutuma.

Kipande cha pili ni kutenganisha kupokea na kuchakata: seva inahifadhi ujumbe, inajibu hapohapo, halafu salio na risiti vinafanyika pembeni. Saa 40. Kipande cha tatu ni programu ya kulinganisha malipo yetu na ripoti ya kampuni ya simu kila usiku, saa 20, na hiki ndo kinachompunguzia kazi mtu wa hesabu.

Kuhusu tarehe, mihula yetu kwa kawaida inaanza Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba. Usipeleke mabadiliko ya malipo hewani karibu na siku hizo. Panga katikati ya muhula, wazazi wengi wameshalipa, na mpate wiki kadhaa za kuangalia kabla ya foleni inayofuata.

Akisema "rekebisheni polepole mkipita hapo"?

Kwa vitu vidogo yuko sahihi, mkubalie. Jina baya, fanksheni ndefu, jaribio lililokosekana, hivyo vinatengenezwa ukiwa unapita. Ila sharti la databesi huwezi kuliweka nusu, na kutenganisha kupokea na kuchakata ukiifanya nusu utakuwa na njia mbili za malipo zinazoenda sambamba, ambayo ni mbaya kuliko mlipoanzia. Mweleze tofauti hiyo kwa kazi mahsusi mliyo nayo.

Si bora tuombe asilimia 20 ya kila sprinti iwe ya deni milele?

Timu nyingine wanaipenda na inawafaa. Mimi naona kwa timu ndogo ndo kitu cha kwanza kukatwa presha ikija, kwa sababu asilimia isiyo na kazi yenye jina haina wa kuitetea. Tiketi yenye jina, saa na ushahidi chini yake, ikikatwa kila mtu anaona kilichokatwa.

Nitajuaje kwamba imesaidia?

Chagueni vipimo kabla ya kuanza, mviandike kwenye tiketi yenyewe. Hapa vitatu vinatosha: saa za kulinganisha kwa mkono kila wiki, hitilafu mpya za sehemu hiyo kwa lile swali letu la ndiyo na hapana, na idadi ya ujumbe uliorudiwa ambao sharti limezuia. Hiki cha tatu ni kizuri sana kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho hakikutokea, ila lazima mkiandike kwenye logi tangu siku ya kwanza, sharti lenyewe likikataa kimyakimya hamtakuwa na namba.

Linganisha mwanzo wa muhula na mwanzo wa muhula. Ukilinganisha Februari na Aprili hitilafu zitakuwa zimepungua hata kama hamkufanya kitu, PO makini ataliona hilo haraka. Na angalieni kama hitilafu hazijahamia jirani: risiti sasa zinaenda pembeni, kwa hiyo risiti zilizokwama kwenye foleni ni tatizo jipya ambalo awali halikuwepo. Likitokea mwambie, liweke kwenye ripoti ileile.

Nimefanya yote na bado amekataa?

Kupanga beklogi, ile orodha yake ya kazi, ni haki yake, kwenye Skrum hilo liko wazi, na anaweza kuwa anajua kitu usichokijua, kwa mfano mkataba ambao bila ile ripoti ya madeni unavunjika. Usianze kuificha hiyo kazi ndani ya makadirio ya vipengele vingine. Akija kugundua, kila kadirio lako baada ya hapo atalipunguza nusu.

Omba vitu viwili. Kwanza, kipande cha kwanza peke yake, saa 30. Pili, mkubaliane kichocheo: "malipo yakirudiwa kwa shule yoyote tena, kazi hii inapanda juu ya sprinti inayofuata", na muiandike kwenye tiketi pamoja na tarehe. Halafu endelea kujaza saa kwenye ile karatasi kila hitilafu ikija. Mazungumzo ya pili yatakuwa mafupi.

Na kama ushahidi ukionyesha hilo deni halisumbui mtu?

Liache. Kuna msimbo mbaya kabisa kwa macho ambao haujaguswa mwaka mzima na haujaangusha kitu, labda ule wa kuchapisha kadi za mitihani, na kuutengeneza kutakula saa bila kurudisha chochote. Mwambie PO hivyohivyo, kwamba uliangalia sehemu tatu na mbili hazistahili muda wake kwa sasa. Halafu rudia ile amri ya Git kila mwisho wa muhula, kwa sababu siku mtakapoanza kuuza kadi za mitihani kwa shule zote hilo faili litapanda juu kwenye orodha.